Ni Uzee Tu

Neno "uzee" nimelitumia kama panadoli kwa miaka mingi. Mimi ni muuguzi. Daktari akishasema lake, mara nyingi ninayebaki na ndugu kwenye benchi kuwafafanulia ni mimi. Familia inakutazama kwa hofu, na neno la kutuliza linakuja lenyewe mdomoni: "Msijali, ni uzee tu."

Mwaka juzi nililisema kwa kijana mmoja wa Tanga aliyemleta mama yake wa miaka 74. Mama alikuwa anauliza swali lile lile mara tano ndani ya saa moja, na ameshapotea mara mbili akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu usichana. Daktari alipima damu, akaangalia tezi ya shingo, kaswende, VVU na upungufu wa vitamini B12, akauliza na habari za huzuni ya muda mrefu, kwa sababu hayo yote yanaweza kumvuruga mtu kumbukumbu na mengi yake yana tiba. Hakukuta hata moja. Akaandika demenshia. Mimi nikatafsiri: uzee.

Baada ya miezi minne wakarudi, mama kaungua mkono. Alibandika sufuria jikoni peke yake. Na kwa nini asiwe peke yake? Uzee hauwekewi mlinzi. Wazee wangapi wana miaka 90 na wanakumbuka madeni ya watu wote mtaani? Kwa neno langu niliwapa usingizi mzuri, nikawanyima sababu ya kuangalia moto.

Nikajirekebisha. Nikasema ni ugonjwa wa kusahau, kama tunavyosema wengi. Mkamwana, ndiye aliyekuwa akimuogesha na kumpikia, akanikata kauli. "Anasahau nini, nesi? Mahari yake anaikumbuka mpaka senti. Pesa kaficha mwenyewe kwenye kopo la unga, kisha kawaita majirani kuwaambia nimemwibia. Huyo anajifanya."

Na kwa neno nililompa, alikuwa na haki kusema hivyo. Anayesahau si angesahau vyote? Ikabidi nianze upya. Nikamwambia kwamba ubongo wa mama unaumwa, na sehemu inayoweka mambo mapya mara nyingi ndiyo inayoharibika mapema. Mahari iliwekwa zamani, ikakaa. Pesa za jana hazikuwekwa kabisa, kwa hiyo akizikosa haoni kwamba kasahau. Anaona zimechukuliwa, na aliye karibu ni wewe. Yule dada alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kumbe si mimi." Nadhani kwake hiyo ilizidi dawa yoyote, maana dawa zilizopo, kwa baadhi ya watu, hupunguza dalili kwa muda tu, haziponyi.

Ushauri wa nyumbani baada ya hapo ulikuwa mwepesi kueleweka. Asibishwe kuhusu pesa. Aambiwe "tuzitafute pamoja", na kopo la unga lifunguliwe kwanza. Asipewe mambo matatu kwa pamoja, kuoga, kuvaa na kula, bali moja, likiisha lingine. Asiulizwe "mama, unanikumbuka?" kwa sababu huo ni mtihani na anafeli mbele ya watu. Aamkiwe kwa kutajiwa jina: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao Saidi." Jioni taa iwashwe mapema, giza humzidishia wasiwasi. Na akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, awe amezubaa au anaona vitu ambavyo havipo, wasiseme ugonjwa umepanda. Huenda ni maambukizi ya mkojo, homa au kukosa maji, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yote haya tuliyasema mama akiwa pale, kwenye kiti cha pembeni, kana kwamba ni mkoba wa mtu. Saidi alikuwa ameninong'oneza mlangoni nisimwambie chochote, ataumia. Nilikubali. Mtoto ana haki ya kumkinga mzazi wake, hilo silipingi. Ila nilikuwa sijajiuliza tunamkinga na nini, wakati yeye ndiye anayepotea njiani na yeye ndiye anayeona nyuso zetu.

Akanivuta mkono wa sare. "Mwanangu, nina wazimu?"

Saidi akatazama sakafu. Nikaona kwamba kimya chetu kilishamjibu, na kilimjibu uongo mbaya kuliko ukweli. Nikachuchumaa mbele yake. "Hapana mama, huna wazimu. Ubongo wako unaumwa, ndiyo maana vitu vinakuponyoka. Wanao wanajua, watakuwa nawe."

"Hospitali mmeliona?"

"Tumeliona, mama."

"Basi mwambieni huyu," akasema, akimwonyesha mkamwana wake kwa kidevu, "asinikasirikie."

Baada ya dakika kumi aliniuliza tena, neno kwa neno. Saidi akachuchumaa yeye, akamjibu.