Daftari la Makosa

Kuna maswali mawili ambayo midomoni mwetu yanapishana kama ndugu: "Nani kafanya?" na "Imekuwaje?" Chombo kikivunjika nyumbani, tunauliza la kwanza na kudhani tumeuliza yote mawili. Nadhani ni maswali tofauti kabisa, na mara nyingi anayeng'ang'ania jibu la kwanza analikosa la pili. Niliyaona hayo wazi kwa dada mmoja ninayemfahamu, na kwa ruhusa yake namsimulia bila jina lake wala la ofisi yake.

Anaongoza timu ya watu saba wanaotengeneza programu za kliniki. Wawili wako Bagamoyo mjini, wengine wametawanyika Zinga, Mapinga hadi Bunju, na huonana uso kwa uso mara moja kwa wiki. Watu waliotawanyika hivyo wanahitaji mahali pamoja pa kuandika kila hitilafu inayoonekana: nini kimeharibika, nani anashughulikia, imefikia wapi. Wao huita kila hitilafu tiketi. Mahali penyewe mimi nitapaita daftari, ingawa liko kwenye kompyuta.

Alipokabidhiwa timu, daftari lilikuwa na sehemu moja iliyoandikwa `Caused by`, yaani aliyesababisha. Kila Jumatatu ilitoka orodha: fulani hitilafu sita, fulani mbili. Ilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa. Ila jina lilisomwa.

Kilichomshtua ni kwamba mambo yalionekana kwenda vizuri. Tiketi mpya zilikuwa zikipungua kila mwezi, lakini simu kutoka kliniki hazikupungua. Akajiuliza, hizo hitilafu zinazopigiwa simu zimeandikwa wapi? Akazikuta kwenye mazungumzo ya pembeni ya WhatsApp: "Kaka, rekebisha kimyakimya kabla Jumatatu haijafika." Kisha akaanza kusoma historia za tiketi, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa imehama mikono mara tisa kwa siku kumi na moja, na katika siku hizo zote hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu. Nyingine zilifungwa kwa maneno `Cannot Reproduce`, yaani tatizo limejaribiwa halikuonekana, na zikafunguliwa tena wiki ileile. Maelezo chini yake yalikuwa ya mtu aliye kizimbani: mimi nilifuata nilichoambiwa, kwangu inafanya kazi, muulizeni aliyepima.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Daftari lile lilikuwa linawafundisha watu kuficha maradhi.

Tiketi iliyomfanya achukue hatua ilihusu saa. Programu ilikuwa inawatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Mama mmoja akapokea ujumbe kwamba aje saa 8 usiku. Mhudumu wa mapokezi alikuwa ameandika "2", akimaanisha saa 2 asubuhi kama sisi sote tunavyosema. Programu ikaisoma 02:00, na saa hiyo kwa Kiswahili ni saa 8 usiku.

Haya, nani kafanya? Daftari lilitaka jina, na jina lilipatikana haraka. Kuna amri watengenezaji wa programu huitumia, `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani. Ikamtaja kijana mdogo kuliko wote. Lakini ukisoma vizuri, amri hiyo haisemi nani aliamua jambo. Inasema nani aligusa mwisho. Kijana yule alikuwa amepanga upya nafasi za maandishi tu, ili yasomeke. Mstari wenyewe ulikuwepo kabla yake. Inachekesha kidogo kwamba programu ya zamani zaidi ya kazi hiyohiyo, Subversion, ina amri `svn blame` na pia `svn praise`, na zote mbili zinaleta jibu lilelile. Lawama na sifa zinatoka kwenye orodha moja ya majina.

Dada yule akaiacha hiyo sehemu tupu na kuuliza timu: hii ilipitaje? Wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Sehemu ya kujaza saa ilikubali namba yoyote. Walioipima walijaribu 10:00 na 14:30, kwa sababu wao, wakikaa mbele ya kompyuta, hufikiri kwa saa za kompyuta. Hakuna aliyejaribu kuandika saa kama mtu wa mapokezi. Na hakuna kitu kilichokataa miadi ya usiku katika kliniki ambayo usiku imefungwa. Hapo ukitaka mkosaji mmoja humpati, lakini ukitaka cha kurekebisha unavipata vitatu: saa ichaguliwe kwenye orodha inayoonyesha "saa 2:00 asubuhi" pembeni ya 08:00, programu ikatae muda ambao kliniki imefungwa, na vipimo vyote vya saa vijumuishe saa za Kiswahili.

Baada ya hapo alibadilisha daftari lenyewe. `Caused by` iliondolewa, ikawekwa "Ilipitaje?", na jibu lake haliruhusiwi kuwa jina la mtu. Orodha ya Jumatatu ikafa. Anayemhamishia mwenzake tiketi lazima aandike amegundua nini kabla ya kuihamisha. Jina moja lilibaki: la anayeshughulikia. Mwezi wa kwanza tiketi ziliongezeka sana, na bosi wake akahofia kazi imeharibika. Ilibidi amweleze kwamba hitilafu zilikuwepo siku zote; sasa zimeanza kuandikwa.

Si yeye wa kwanza kulifikiria hili. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA namba 514 iligonga mlima Virginia, Marekani, ikielekea uwanja wa Dulles. Watu wote 92 walikufa. Baadaye ikajulikana kwamba wiki chache kabla, marubani wa kampuni nyingine walikuwa wameelewa vibaya maelekezo yaleyale ya kutua hapo na kunusurika chupuchupu. Walitoa taarifa, lakini iliishia ndani ya kampuni yao. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kupokea taarifa za namna hiyo, na ukakabidhiwa NASA, ambayo haina mamlaka ya kumwadhibu rubani. NASA hufuta majina, kisha huwasambazia wengine kilichojifunzwa. Ila kinga hiyo haimfuniki aliyevunja sheria makusudi.

Hapo ndipo swali langu la kimaadili linapokaa. Je, kuondoa lawama si kuondoa uwajibikaji? Wapo wanaoamini mtu asipoogopa hafanyi kazi, na siwadharau. Wote tumeona ofisi ambako kosa ni la kila mtu, yaani si la yeyote. Lakini tazama kilichobaki kwenye daftari lile. Jina la mtu halikufutwa, lilihamishwa. Lilitoka kwenye jambo lililopita, ambalo hakuna awezaye kulibadilisha, likaenda kwenye kazi iliyo mbele. Kulaumiwa ni kubebeshwa kilichotokea. Kuwajibika ni kukubali kubeba kinachofuata. Anayeficha, anayedanganya kwenye daftari, au anayerudia makusudi alichoonywa, huyo ana kesi nyingine, na inazungumzwa naye faragha.

Wala daftari jipya halikumaliza tabia ya watu. Dada yule ananiambia bado hukuta "Ilipitaje?" imejibiwa "uzembe". Neno hilo ni jina la mtu lililovaa kanzu. Huirudisha tiketi kwa mwandishi wake na swali moja tu: kama angekuwa mwingine kwenye kiti kile, siku ile, akiona alichokuwa anaona mwenzako, asingekosea? Mara nyingi jibu huchukua siku mbili kurudi, na linaporudi ni refu zaidi, na ndani yake kuna kitu cha kurekebisha.