Barua Iliyochelewa

Muuza viatu vya ngozi mmoja wa Mombasa, wiki ya kuelekea Idi, alikuta akaunti yake ya kupokelea malipo ya mtandaoni imefungwa, na ndani mna shilingi 186,000. Kampuni ya malipo ilimwambia tu kwamba akaunti inakaguliwa. Mauzo yake yalikuwa yamepanda ghafla kwa ajili ya sikukuu, na wateja wawili walikuwa wamedai kurudishiwa fedha. Mitambo ya ukaguzi hutazama mambo hayohayo, na msimu mzuri wa biashara ikiutazama huweza kuuona kama utapeli.

Alituma jumbe za hasira, hazina tarehe wala namba ya muamala. Kisha, kwa kuwa wateja walikuwa wanasubiri kulipa, akafungua akaunti ya pili kwa kitambulisho kilekile. Hapo ndipo alipoharibu. Kufungua akaunti mpya wakati ya kwanza inakaguliwa mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kukwepa ukaguzi. Zikafungwa zote mbili, na sasa kampuni ikawa na sababu ambayo mwanzoni haikuwa nayo.

Mtoto wa kaka yake, karani katika ofisi ya wakili, ndiye aliyemkalisha chini. "Shangazi, umelalamika vya kutosha. Sasa uliza."

Barua waliyoandika ilitaja namba ya akaunti, tarehe ilipofungwa na kiasi kilichozuiwa. Ikataka majibu ya maandishi: ni kifungu kipi cha mkataba kimevunjwa, kwa muamala upi, na je, uamuzi ulifanywa na mtu au na mashine peke yake? Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinamruhusu mtu aliyeathiriwa sana na uamuzi wa mashine pekee kuomba uangaliwe upya. Halafu likaja ombi lenyewe: madai ya wale wateja wawili yalikuwa shilingi 19,000 kwa jumla, basi kampuni ishike hizo na iachilie 167,000. Aliambatanisha stakabadhi za ngozi na hati za usafirishaji zenye sahihi za waliopokea mizigo, na ile akaunti ya pili akaieleza bila kuficha.

Zile 167,000 zilitoka, lakini Idi ilikuwa imeshapita, na akaunti haikufunguliwa tena kwa sababu ya ile ya pili.

Barua kama hii ina mpaka wake. Kampuni ikishuku utakatishaji wa fedha na kutoa taarifa serikalini, sheria inaikataza kumdokezea mteja, kwa hiyo huenda usipewe sababu zote. Hata hivyo, ukifungiwa, piga picha ukurasa wa miamala yako kabla hujaandika neno lolote, maana ukurasa huo nao unaweza kufungwa.