Tusi la Kiingereza nalo ni tusi

Juzi Posta kondakta alinichelewesha chenji, nikamwita "stupidi". Singethubutu kumwita "mpumbavu". Neno hilo nilikua nalo nyumbani, na kulitamka kulileta kofi. "Stupidi" nililiokota kwenye filamu, halina kofi ndani yake.

Mwaka 2003 watafiti walipima jasho la ngozi kwa Waturuki wanaojua Kiingereza. Makaripio ya utotoni yaliwashtua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza.

Kumbe wepesi ule ulikuwa mdomoni mwangu tu. Kondakta aliinamisha macho; kwake lilikuwa tusi, tena la kuonyeshwa kwamba hajasoma.

Jumamosi, kwenye kitubio pale Mtakatifu Yosefu, nilisema kwa Kiswahili: "Padre, nilimwita mtu mpumbavu." Hapo ndipo nikaona aibu.