Mwangwi Usiosikika

Popo arukaye ndani ya pango lenye giza totoro hakosi njia wala hagongi mwamba. Jambo hili watu walilijua tangu kale. Sababu yake ndiyo iliyochelewa kujulikana. Na katika kuchelewa huko limo swali zito: je, ni haki kwa mwenye elimu kulikataa jambo lililothibitishwa, kwa kuwa tu masikio yake mwenyewe hayakulishuhudia?

Mwaka 1793 Lazzaro Spallanzani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pavia katika Italia, aliona kwamba taa ikizimika bundi huparamia kuta, lakini popo katika giza lile lile huruka salama. Alitundika darini nyuzi zenye kengele ndogo, kisha akawapofusha popo na kuwaachia. Kengele hazikulia. Wengine aliwaacha waende zao, na siku chache baadaye baadhi yao wakakamatwa katika mnara wa kanisa kuu la mji ule. Matumbo yao yalipopasuliwa yalikutwa yamejaa wadudu, sawa na ya wenzao wenye macho. Kitendo kile kilikuwa cha kikatili, na faida yake haiufuti ukatili huo. Lakini ushahidi uliolipiwa kwa macho ya kiumbe hai huwadai watu angalau kusikilizwa.

Louis Jurine wa Geneva aliziba masikio ya popo, nao wakagonga kila kilichokuwa mbele yao. Spallanzani alirudia jaribio hilo kwa hadhari kubwa. Huenda, alifikiri, maumivu ya kuzibwa ndiyo yaliyowapoteza. Basi akatia masikioni mwao mirija midogo ya shaba: ilipokuwa wazi waliruka vizuri, ilipozibwa walipotea. Hoja ilitimia. Popo huongozwa na masikio yake.

Lakini masikio hayo yalisikia nini? Chumba kilikuwa kimya. Hapo ndipo Georges Cuvier wa Paris, mwaka 1795, alipotoa hukumu kwamba popo hupapasa hewa kwa ngozi ya mbawa zake. Hakufanya jaribio lolote. Na Spallanzani alikwisha kuzipaka mbawa hizo vanishi bila ya kumpoteza popo njia. Hata hivyo wataalamu wengi walimfuata Cuvier. Yeye alikuwa na sababu isiyo na jaribio, wenzake walikuwa na jaribio lisilo na sababu, na watu walichagua kile kilichowatuliza. Kutaka sababu si kosa, kwani kusikia pasipo sauti ni neno gumu kukubaliwa. Kosa lilikuwa kuuacha ushahidi uliokwisha kutolewa, kana kwamba kimya cha sikio la mwanadamu ni kimya cha ulimwengu.

Sikio hilo halipokei sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 hivi katika sekunde moja. Mwaka 1938 Donald Griffin, mwanafunzi wa Harvard, alipeleka popo wake mbele ya chombo cha mwanafizikia George Pierce, kilichoweza kuzinasa sauti za juu kuliko hizo, na chumba kilichodhaniwa kimya kikajaa kelele. Hata hapo hawakuthubutu kusema kwamba sauti hizo ndizo ziongozazo popo. Waliwaza kwamba labda ni wito tu. Griffin na Robert Galambos ndio waliothibitisha, miaka michache baadaye, kwa kuwarusha popo kati ya nyaya zilizoning'inizwa. Aliyezibwa masikio alizigonga, na aliyefungwa kinywa alizigonga vile vile.

Popo hupiga ukelele mfupi, kisha husikiliza mwangwi wake. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi wa ukuta ulio mita 1 mbele hurudi baada ya sehemu 6 za elfu za sekunde. Mdudu aliye karibu zaidi hurudisha mwangwi upesi mno, na kama ukelele ungekuwa mrefu ungeufunika. Ndiyo maana popo anapokaribia windo huzifupisha kelele zake na kuziharakisha, kutoka 10 hivi hata zaidi ya 100 kwa sekunde. Lakini sauti za juu hivyo huchakaa upesi hewani, na kwa hiyo mdudu mdogo hujulikana akiwa mita chache tu. Tena ukuta laini uliosimama wima huirusha sauti upande mwingine. Popo aujiaye kimshazari hudhani pako wazi, naye huugonga.

Wala si popo wote wenye kipawa hiki. Popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, hutegemea macho na pua. Lau Spallanzani angaliwashika wa namna hiyo, kengele zake zingalilia.