Mzazi, Fika Shuleni Haraka

Ujumbe ulikuwa na maneno manne: "Mzazi fika shuleni haraka." Ulitoka kwenye namba nisiyoijua, saa tano kasoro asubuhi, nikiwa Mwanjelwa nimeinama kwenye gunia la mchele. Nikapiga, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Kutoka Mwanjelwa hadi Iyunga si mbali, lakini siku hiyo malori ya Tunduma yalikuwa yamejipanga barabarani kama mabehewa ya TAZARA, na bajaji yetu ilikwenda kwa kuomba njia. Humo njiani niliwazika wanangu wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ujumbe haukusema ni yupi.

Alikuwa wa kati. Nilimkuta ofisini, mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga ya matroni, kiwiko kimevimba, na mkono wa kulia ameshika andazi. Alikuwa ameanguka kwenye bembea. Walimu walikuwa wapole na wamefanya mengi ya kushukuriwa, na shule hiyo siitaji jina kwa kuwa sina ugomvi nayo. Ila ule ujumbe umeniganda kichwani miaka hii yote, na kila nikiutafakari naona haukuandikwa na mtu asiyejali. Uliandikwa na mtu aliyenistahi.

Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akifiwa akiwa mbali huambiwa mama anaumwa kidogo, fanya uje. Anapofika nyumbani anakuta turubai limefungwa na wanaume wameuzunguka moto nje. Hakuna anayeita huo uongo. Ni namna ya kumbebea mwenzako mzigo mpaka afike mahali pa kuutua. Lakini maneno ya kupoza yakishatumika misibani hayafai tena kumpoza mtu. Ukiniandikia kwamba mtoto amepata ajali ndogo na nisiwe na wasiwasi, mimi nasikia turubai. Na ukininyima habari kabisa ili nisishtuke, nitaijaza nafasi hiyo mwenyewe, na hakuna mwalimu anayeweza kubuni jambo baya kuliko mzazi aliye ndani ya bajaji.

Kinachomtuliza mzazi ni jambo analoweza kuliona akilini. Nimejaribu mara nyingi kuuandika upya ujumbe ule, nikijibana ndani ya herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, kwa kuwa hapo ndipo meseji moja ya kawaida inapokomea, na wengi wetu bado tuna kitochi. Nilifika hapa:

"Mzazi, mwanao kaanguka bembeani saa 4:35 asubuhi. Yuko macho, anaongea. Kiwiko cha kushoto kimevimba. Niko naye, tunaelekea Rufaa. Piga namba hii. Mwl wa zamu."

Penye "mwanao" liwekwe jina la mtoto, maana simu iliyoandikwa kwenye fomu ya shule inaweza kuwa ya bibi mwenye wajukuu wanne pale pale. Maneno mazito kuliko yote ni "yuko macho, anaongea". Hayo ndiyo mzazi anayatafuta kabla ya kusoma kitu kingine, na yana kitu ambacho "anaendelea vizuri" haina: marehemu haongei. Halafu angalia kwamba ujumbe unasema kiwiko kimevimba, hausemi mkono umevunjika. Uvimbe mwalimu ameuona kwa macho yake. Kuvunjika kutasemwa na picha ya eksirei. Mwalimu anayeandika alichokiona peke yake hatalazimika baadaye kuyafuta maneno yake, na mzazi atamwamini hata siku atakapoleta habari nzito zaidi. Na ile "piga namba hii" ni ahadi. Simu hiyo isitumiwe kumpigia mwalimu mkuu, mwenye gari na jamaa wa ofisi ya elimu. Hospitali ikiamua mtoto alazwe kwa dawa ya usingizi, mzazi atatakiwa kutia saini ya kukubali, na asipopatikana kazi inaweza kusimama.

Andazi sasa. Mtoto anapoanguka na kujikinga kwa kiganja, mkono ukiwa umenyooka, mfupa wa juu huweza kuvunjika pale juu tu ya kiwiko. Ni mvunjiko wa watoto wadogo hasa, wa miaka mitano, sita, saba. Mfupa ukiwa umehama mahali pake lazima urudishwe, na kazi hiyo hufanywa mtoto akiwa amelazwa usingizi. Tumbo lenye chakula ni hatari kwenye usingizi huo, kwa kuwa chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, hivyo kwa kawaida husubiriwa saa sita tangu alipokula mara ya mwisho. Mwanangu alikuwa ameshakunywa uji wa saa nne, kisha lile andazi la huruma likaanzisha hesabu upya. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likazama, mtoto analia, na mimi nikiwaza kwamba kumbe hata huruma inahitaji maarifa. Kwa hiyo anayempeleka mtoto hospitali amwambie mzazi kwa simu mambo mawili: alikula nini na saa ngapi, na kwamba asije na juisi wala chipsi. Vidole navyo vitajwe. Vikiwa na joto na vinachezeka, mzazi aambiwe hivyo. Vikiwa vimepauka, vina baridi au havisikii kuguswa, damu huenda haipiti sawasawa, na hapo hakuna kumsubiri mzazi getini: ujumbe utumwe huku gari limeshaondoka.

Hayo yote ni ya mtoto ambaye kila mtu anaona ameumia. Mkono uliopinda haufichiki, na hata ujumbe mbovu wa maneno manne ulinifikisha. Ujumbe ninaoupigania zaidi ni ule ambao kwa kawaida haupelekwi kabisa, wa mtoto aliyeanguka kwenye mtelezo, akagonga kichwa, akalia dakika mbili, akafutwa vumbi na kurudi darasani.

Mtoto wa jirani yangu alikuwa huyo. Alirudi nyumbani kwa miguu, akacheza, akala. Saa mbili usiku akatapika. Wazazi wakasema ni maharage. Akatapika tena, akawa anasinzia mezani, wakaanza kuzungumza habari ya malaria na kutafuta Panadol. Dada yake wa darasa la tatu, aliyekuwa anaosha vyombo, akasema tu kama anayejisemea, "Si aligonga kichwa leo." Wakaondoka naye saa ile ile. Alilazwa, akaangaliwa usiku kucha, akarudi salama. Lakini fikiria: kiungo kati ya shule na nyumba kilikuwa msichana wa miaka tisa mwenye sahani mkononi, na angeweza kuwa amelala.

Kichwa kina ujanja huo. Mshipa wa damu ukichanika chini ya fuvu, mtu anaweza kuamka, kutembea, kucheka, na kwa saa kadhaa akaonekana mzima, huku damu inakusanyika na kuubana ubongo. Mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Kanada, Machi 2009. Alisema hajambo, gari la wagonjwa likarudishwa. Baada ya siku mbili alikuwa amefariki, akiwa na miaka 45, kwa damu iliyovuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Jambo hili ni nadra, nalisema ili nisimkoseshe usingizi kila mama wa Iyunga. Watoto wengi wanaogonga kichwa hupata nundu na kusahau. Ila mwalimu hawezi kujua saa nane mchana ni yupi atakayebadilika saa mbili usiku, na saa mbili usiku mwalimu hayupo.

Hapo ndipo naona maana ya ujumbe wenyewe. Ni makabidhiano ya zamu. Mlinzi wa usiku anapompokea wa mchana haambiwi "kuko shwari" tu. Anaambiwa geti lipi komeo lake limelegea. Kwa mtoto aliyegonga kichwa makabidhiano hayo yaandikwe kwenye karatasi, nayo iseme alianguka saa ngapi na kutoka kimo gani, kwa mfano urefu wa mtu mzima, na aliangukia nini, nyasi, mchanga au ile ardhi yetu iliyoshindiliwa na nyayo za watoto. Iseme kama alilia papo hapo au alinyamaza kwanza, kama alizimia, kama ametapika mpaka muda wa kwenda nyumbani. Kama amepewa dawa ya maumivu, iandikwe ipi, kiasi gani na saa ngapi, mama asije akaongeza nyingine juu yake kabla ya muda wake kupita. Halafu iseme cha kuangalia usiku: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, kuyumba, maneno yasiyoeleweka, degedege, maji au damu puani au masikioni. Usingizi uelezwe vizuri, kwa sababu wazee wetu hukataza mtoto wa namna hiyo asilale kabisa. Kulala si tatizo, kutoamshika ndilo tatizo. Amshwe mara moja au mbili. Akiguna, akakutambua na kukasirika, mwache alale. Dalili moja ikionekana, hospitali, usiku huo huo.

Habari ya nani alimsukuma nani sitairefusha. Jina la mtoto mwingine lisiwemo. Mwalimu akiandika "alisukumwa na fulani", jioni hiyo kuna mama atamfuata mama mwenzake kwake, wakati aliyeiona bembea yenyewe anajua mnyororo ulikuwa umelika. Mnyororo ukiwa umelika na usemwe, hata kama aibu ni ya shule. Na picha ya mtoto analia isirushwe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kwa kisingizio cha maombi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, lakini hata pasingekuwa na sheria, baba wa mtoto hastahili kuiona damu ya mwanawe baada ya wazazi wengine 60 kuiona.

Naomba jambo moja kwa walimu wa zamu. Karatasi ya kichwa iandikwe kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, na apewe mtu mzima mkononi, au mzazi apigiwe simu. Isiwekwe kwenye begi la mtoto. Barua za shule zinazopita begini mimi huzikuta Jumapili, wakati wa kulifua.