Kadi Unayo, Jina Halipo

Mjukuu wangu wa Kalangalala, wewe uliyemaliza kidato cha nne juzi na sasa unashinda kwenye karasha ukisaga mawe ya watu, nakuandikia wewe. Nilifundisha Siasa enzi za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Siasa ikaondolewa ikaja Uraia, na hilo nalo nikalifundisha mpaka chaki ikanichosha. Kwa hiyo ninapokwambia somo hilo linaishia wapi, usidhani nakisia.

Mihimili ya dola unaijua. Nikikuamsha usiku wa manane utanitajia yote mitatu, tena kwa Kiingereza, maana ndivyo ulivyokariri na ndivyo Baraza la Mitihani lilivyokuuliza. Sifa za demokrasia unazijua, haki za binadamu unazijua. Lakini nikikuuliza jina lako liko kwenye daftari gani, unaingiza mkono mfukoni unanionyesha kadi.

Mjukuu wangu, kadi haipigi kura. Jina ndilo linalopiga.

Sikiliza jambo ambalo katika miaka yako minne ya sekondari huenda hukulisikia hata mara moja. Nchi hii ina vitabu viwili vya wapiga kura, na kimoja hakimjui mwenzake. Kitabu cha kwanza ni Daftari la Kudumu, la Tume ya Uchaguzi. Hilo ndilo la kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ukatoka na kadi. Linatumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Kitabu cha pili ni orodha ya wakazi wa mtaa, kijiji au kitongoji, na msimamizi wake si Tume, ni TAMISEMI. Hakina picha wala kadi. Unafika, unataja jina na umri, unaandikwa kwa kalamu, unarudi nyumbani mikono mitupu. Kitabu hicho huandikwa upya kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapofika. Aliyeandikwa mwaka 2019 hakuhesabika mwaka 2024 mpaka aandikwe tena.

Mwaka 2024 vitabu hivi viwili vilipita kwa kufuatana, na hapo ndipo vijana wangu walipopotea. Daftari la Kudumu liliboreshwa mkoani Geita mwezi Agosti. Orodha ya mitaa ikaandikwa nchi nzima kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu. Kura ikapigwa tarehe 27 Novemba.

Chukua ndugu wawili wa nyumba moja hapa mjini Geita. Dada amezaliwa Januari 2006, kaka Machi 2007. Agosti wote wawili wakaenda kupanga foleni. Dada alikuwa ametimiza miaka 18. Kaka alikuwa na 17, lakini sheria inaruhusu kumwandika anayetimiza 18 kabla ya siku ya uchaguzi mkuu, naye angetimiza Machi 2025. Wote wakapata kadi, wakafurahi, wakapiga picha wakaweka kwenye makundi ya simu. Oktoba gari la matangazo lilipopita likisema jiandikisheni, dada akasema, mimi tayari. Novemba 27 akaenda kituoni na kadi yake mpya. Karani akapekua orodha juu mpaka chini. Jina hakuna. Akarudi nyumbani analia kwamba wamemfuta. Hakuna aliyemfuta, mjukuu wangu. Hakuwahi kuandikwa.

Kaka yeye hata angekwenda Oktoba asingeandikwa, kwa kuwa kura ya mtaa ilimtaka awe na 18 mwaka ule ule. Uchaguzi wa mitaa huja kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo nafasi yake ya kwanza ya kumchagua mwenyekiti wake ni mwaka 2029, akiwa na miaka 22. Na dada, kwa siku kumi alizopuuza, anasubiri pamoja naye.

Nakuomba, usiseme mtaa ni jambo dogo. Najua kijiweni mnabishana habari za Rais na wabunge, mnarushiana klipu. Mwenyekiti wa mtaa mnamwona mzee wa kugonga mihuri. Lakini ukitaka dhamana ya polisi, ni barua yake na ya mtendaji. Ukitaka kitambulisho cha Taifa, wao. Kikundi chenu kikitaka mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne kati yake ni ya vijana, safari inaanzia mezani kwao. Mkopo huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudi mwaka 2024. Waliokuwa na vikundi vinavyojulikana mtaani waliuwahi kabla ya wanaoanza kuulizana tangazo limebandikwa wapi.

Tena wewe umezaliwa juu ya dhahabu. Mgodi wa Geita hulipa halmashauri ushuru wa huduma, sehemu ya mauzo yake. Na Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Hakubaliani na wewe, hakubaliani na mimi. Anayeketi pale kwa niaba yako ni diwani, na orodha ya mahitaji anayobeba, kama zahanati, madawati au kisima, inapaswa kuwa imetoka kwenye mikutano ya mitaa. Mtaa wenye mwenyekiti asiyeitisha mkutano hupeleka orodha aliyoiandika mtu mmoja chumbani. Halafu mnapita barabarani mnauliza kwa nini stendi imejengwa kule na si huku.

Asiyeuliza kikaoni huishia kulalamika kijiweni. Hayo nimeyaona kwa watoto wa watoto niliowafundisha.

Na ninyi mnaohama na miamba, leo Mgusu, kesho Nyarugusu, keshokutwa mmesikia duara limetema kwingine, ninyi ndio mnaonikosesha usingizi. Orodha ya mtaa inamtaka mkazi. Daftari la Kudumu linakutaka kwenye kituo ulichojiandikisha, na ukihama ni lazima uhamishe taarifa zako wakati wa kuboresha, si asubuhi ya kupiga kura. Nawajua wachimbaji ambao kadi zao zinasoma Kahama, wanalala Rwamgasa, na hawajapiga kura tangu wazipate. Siku ya uchaguzi kwao ni siku ya kazi.

Wengine wenu mnataka kugombea. Vizuri sana. Kwa mtaa sharti ni miaka 21, uwe mkazi, ujue kusoma na kuandika, uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato, na udhaminiwe na chama, maana mgombea binafsi nchi hii bado haijamkubali. Halafu inakuja fomu. Mwaka 2019, na tena 2024, wagombea wengi sana walienguliwa kwa makosa ya fomu: jina halikufanana, chama kimeandikwa kwa kifupi, shughuli haikuelezwa. Upinzani walilia kwamba chekecheo lile lilikuwa na matundu ya upande mmoja, na mwaka 2019 CHADEMA wakajitoa kabisa. Sitakuficha, kilio kile kilikuwa na sababu. Lakini nisikufiche la pili pia: tulikufundisha kueleza kwa hoja sita umuhimu wa uchaguzi, na hatukukaa nawe hata siku moja tukajaza fomu moja ya mgombea, mstari kwa mstari, jina lilivyo kwenye cheti.

Kule Busia, Kenya, watafiti waliwafuatilia wasichana waliokuwa kwenye mpango wa ufadhili wa shule za msingi. Miaka kadhaa baadaye walikuta mabinti wale wanajua zaidi habari za siasa na hawakubali kirahisi mamlaka ya wanaowatawala, ya mume wala ya mkubwa. Lakini hawakupiga kura zaidi ya wenzao wala kushiriki zaidi shughuli za jamii, na zilikuwapo dalili kwamba walikuwa wepesi kidogo kuona ghasia za kisiasa kuwa halali. Matokeo hayo yalinishtua, kwa sababu niliwaona ninyi ndani yake. Shule ilikufungua macho uone kasoro, haikukuonyesha mlango wa ofisi yanakorekebishwa mambo. Mwenye macho bila mlango hupiga ukuta.

Najua utaniambia nini. Utasema, babu, na 29 Oktoba 2025 je? Siikwepi. CHADEMA hawakuwamo kwenye karatasi, mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini. Intaneti ilizimwa, vijana waliingia barabarani, watu walikufa. Tume ikatangaza asilimia 97.66 kwa Rais Samia, na waangalizi wa SADC, ambao si watu wa maneno makali, walisema maeneo mengi wananchi hawakuweza kuonyesha matakwa yao. Sitakwambia kura peke yake ingeyazuia hayo. Ningekudanganya, na umri wangu hauniruhusu kukudanganya.

Ninachokuomba ni kingine. Hasira yako usiipeleke mahali pamoja tu, siku moja tu ndani ya miaka mitano, kwa sababu hiyo ndiyo siku kila mwenye nguvu anakusubiri. Mikutano haisubiri mwaka wa uchaguzi. Ukiwa kijijini, kama Nyarugusu, sheria ya 1982 inamfanya kila mkazi mwenye miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Huombwi kadi ya chama, huombwi kadi ya kura. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na ardhi ya kijiji haigawiwi kihalali bila mkutano huo kuridhia. Nimekaa kwenye mikutano kama hiyo ambako wazee tulikuwa wengi na vijana wawili mlangoni wakichezea simu. Mwenyekiti alisoma matumizi kwa dakika tano na hakuna aliyemuuliza risiti.

Nakuomba, muulize risiti. Kwa adabu, ukiwa umesimama, ukitaja jina lako ili liandikwe kwenye muhtasari. Swali lililoandikwa kwenye muhtasari haliishi na mkutano, litasomwa tena mkutano unaofuata, na mwenyekiti atalijua jina lako kabla karani wa uchaguzi hajalijua.

Mdogo wako yuko shule sasa, na mtaala mpya umewaletea Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Afadhali lugha anaielewa. Lakini usitegemee kitabu kimwambie habari za orodha mbili. Jumatatu mchukue mpaka ofisi ya mtaa, mumsalimie mtendaji, mumuulize mkutano wa wakazi ujao ni lini na muhtasari wa uliopita uko wapi. Akisema hakuna muhtasari, njooni mnieleze, tutarudi kwake watatu.