Mlango Uliofungwa: Je, Mtu Anaweza Kujidanganya Mwenyewe?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hii inamfaa mtu anayewadanganya wenzake, kwa sababu wenzake watamwuliza maswali na mwishowe watamshika. Lakini anayejidanganya mwenyewe atashikwa na nani? Tena jambo lenyewe lina utata. Ili nidanganye ni lazima niujue ukweli, na ili nidanganyike ni lazima nisiujue. Inawezekanaje mtu mmoja aujue na asiujue kwa wakati uleule? Katika insha hii nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kumfuata msimulizi mmoja asiyeaminika, kisha nitauliza kama mtu wa namna hiyo anastahili kulaumiwa.

Msimulizi huyo ni Bwana Stevens, katika riwaya ya Kazuo Ishiguro, The Remains of the Day, iliyotoka mwaka 1989. Stevens ni mtumishi mkuu katika jumba la tajiri wa Kiingereza, Lodi Darlington. Mwaka 1956, wakati bwana wake huyo amekwisha kufa, anafunga safari ya gari ya siku chache kwenda kumwona Bi Kenton, aliyekuwa akiwasimamia watumishi wa kike kabla ya kuolewa. Njiani anakumbuka ya zamani na kutusimulia. Anasema safari ni ya kikazi tu, kwa kuwa jumba lina upungufu wa watumishi. Anasema pia kwamba maisha yake yote ameyatoa kwa ajili ya hadhi ya kazi yake, na kwamba hajuti.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwamini. Lugha yake ni ya adabu, hoja zake zimepangwa, na anakiri makosa madogo madogo kama mtu mkweli. Kilichonishtua ni mlango.

Stevens anasimulia siku Bi Kenton alipopata barua ya kifo cha shangazi yake, aliyekuwa kama mama kwake. Alimwacha peke yake chumbani, kisha akakumbuka kwamba hakumpa pole. Akasimama ukumbini, akihisi kwamba ndani mama yule analia, lakini hakubisha hodi. Kurasa nyingi baadaye anairudia picha ileile: yeye amesimama mbele ya mlango uliofungwa, na nyuma yake Bi Kenton analia. Safari hii anasema labda alichanganya. Huenda haikuwa siku ya msiba, bali usiku mmoja miezi kadhaa baadaye. Na usiku huo ndio Bi Kenton alimwambia kwamba amekubali kuolewa na mtu mwingine, naye akampongeza kwa maneno machache na kukimbilia ghorofani kuwahudumia wageni wa bwana wake.

Msomaji wa haraka ataona kwamba mzee amekosea tarehe tu. Lakini tuangalie kosa lenyewe linamsaidia nani. Kama Bi Kenton alilia kwa sababu ya shangazi yake, Stevens ana kosa dogo la kusahau kutoa pole. Kama alilia usiku ule wa uchumba, basi alimlilia Stevens, naye Stevens alijua, akapita na sinia yake mkononi. Kumbukumbu haikupotea. Mlango upo, machozi yapo. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa. Ilihamishwa kutoka siku inayouma sana hadi siku inayouma kidogo.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake cha mwaka 1943, alikataa maelezo kwamba ndani yetu kuna sehemu iliyofichika inayotuficha ukweli. Alihoji kwamba mlinzi anayezuia jambo lisipite ni lazima alijue jambo analolizuia. Stevens anatuonyesha kwamba hatuhitaji watu wawili ndani ya mtu mmoja. Anayejidanganya haamini uongo mtupu. Anauchukua ukweli na kuuhamisha, kisha hauangalii tena kwa makini. Kujidanganya ni kazi, na kazi hiyo inahitaji kurudiwa kila siku, kwa sababu ukweli unaendelea kuchungulia.

Unachungulia hasa kupitia vinywa vya wengine. Usiku wa mwaka 1923 baba yake Stevens anakufa ghorofani wakati yeye anawahudumia wageni wa mkutano. Katika masimulizi yake hasemi hata mara moja kwamba alilia. Lakini anatueleza kwamba bwana wake alimwuliza kama ni mzima, kwa kuwa alionekana kama analia. Anatoa leso, anajifuta uso, na kujibu kwamba ni uchovu wa siku nzima. Baadaye anasema anaukumbuka usiku ule kwa fahari ya ushindi. Msimulizi ameyaficha machozi, lakini maneno ya mwingine ameyaacha yalivyo. Ndiyo maana namwita mtu anayejidanganya wala si mwongo wa kawaida. Mwongo stadi angeliifuta ile leso pia.

Je, alaumiwe? Mtu anaweza kudai kwamba Stevens amejiumiza mwenyewe tu: amemkosa mwanamke aliyempenda, naye ndiye aliyepata hasara. Sikubali, na sababu zangu ni Ruth na Sarah. Hawa ni wasichana wawili Wayahudi ambao Lodi Darlington, wakati alipovutwa na Mafashisti, aliagiza wafukuzwe kazi. Stevens anatuambia kwamba moyo wake wote ulipinga. Lakini maneno aliyomwambia Bi Kenton siku ile ni kwamba bwana wao anaelewa mambo kuliko wao, na wasichana wakaondoka. Muda mrefu baadaye, bwana mwenyewe alipojuta, Stevens alimwambia Bi Kenton kwamba yeye pia aliumia. Bi Kenton akamwuliza kwa nini basi alijifanya hivyo siku zote.

Swali hilo ndilo hukumu. Kama kweli aliumia, alijua kwamba ni dhuluma na akaitekeleza. Kama hakuumia, uchungu huo ameutunga baadaye. Vyovyote vile, neno hadhi lilimwezesha asichague. Wasichana wale walilipa gharama ya utulivu wa nafsi yake.

Nakiri kwamba sikuandika haya nikiwa nimesimama mbali. Nyanya yangu alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Kila nilipoulizwa kwa nini sikwenda kumwona alipolazwa, nilijibu kwamba nilikuwa na mtihani. Nilipokuwa nikiandaa insha hii nilifungua daftari la muhula ule. Mtihani ulikuwa wiki mbili baada ya mazishi. Sikukumbuka kuwahi kusema uongo. Mtihani ulikuwepo, na hofu yangu ya kumwona akiwa amekonda ilikuwepo. Nilikuwa nimehamisha tarehe tu.

Kwa kuhitimisha, anayejidanganya hushikwa na masimulizi yake mwenyewe, mahali ambapo tarehe haikai sawa au leso inatokea bila machozi. Lawama yake haitokani na kukosea, kwani kila mtu husahau. Inatokana na ile nukta anapogundua kwamba picha haikai mahali pake, kisha akaendelea na safari. Stevens alisema labda alichanganya, na hakuuliza kwa nini. Mimi nimeulizwa na mama yangu tena wiki iliyopita, na safari hii sikuutaja mtihani.